Punje Chini ya Ulimi

Kwenye mnada wa nguruwe wa Jumapili, kilomita chache nje ya mji wa Huancayo, hakuna mnyama aliyeuzwa kabla Teodomiro Huaroc hajamtia mkono mdomoni. Nguruwe alilazwa ubavu, Teodomiro akamkanyaga shingo, akapachika kijiti kati ya taya, akauvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa kwa kidole gumba upande wa chini. Kama kulikuwa na punje, hata moja, kidole kiliijua. Punje ni kijifuko cheupe, laini, chenye maji, ndani yake kuna kichwa cha mnyoo kinachosubiri kuliwa. Teodomiro alisema neno moja tu, "Ana," na mwenye nguruwe akaondoka akinung'unika kwenda kumtafuta mnunuzi asiyeuliza maswali.

Miaka thelathini ya kazi hiyo ilikuwa imempa jina, na jina lilikuwa limempanda kichwani. Wanunuzi walimwita kwa heshima don Teo na baada ya mnada walimkaribisha chicharrón, nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, sahani imejaa mpaka inamwagika. Alikula bila wasiwasi. Nguruwe alimpitisha mwenyewe, sasa aogope nini?

Ndiyo maana siku daktari wa kituo cha afya alipomwambia kwamba binti yake ana punje kichwani, nusura avunje kiti.

Binti ni Luzmila, miaka ishirini na mmoja, mtarizi. Sketi zake zenye ndege na maua zilivaliwa kwenye sherehe za bonde zima la Mantaro. Tangu sherehe za kanivali alikuwa ameanguka kifafa mara tatu. Mara ya kwanza walisema ni jua. Mara ya pili alikuwa kwenye cherehani, mkono wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe, kisha mwili mzima, na sindano ikapita kwenye kidole chake hadi upande wa pili. Mara ya tatu hakuna aliyesema jua tena. Kupata picha ya kichwa mjini kuliwachukua wiki saba za njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mashine imeharibika, mpiga picha yuko likizo. Teodomiro alifika kwa daktari siku hiyo akiwa tayari amejaa hadi shingoni.

Daktari Yauri alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha.

"Tazama hapa, don Teo. Hivi viduara vyeusi viwili vyenye nukta nyeupe ndani. Weusi ni maji, nukta ni kichwa cha mnyoo. Hao wako hai. Wanaweza kukaa kimya miaka na mwili usijue kama wamo."

"Na huyu?" akauliza Felícitas, mama yake Luzmila, akielekeza kidole.

"Huyu mwenye pete nyeupe inayomzunguka anakufa. Sasa mwili umemgundua, unapigana naye. Huo weusi hafifu ulioenea pembeni ni uvimbe. Kifafa kinatoka hapo, mama. Anasumbua zaidi akifa kuliko alipokuwa hai." Akasogeza kidole. "Na hii nukta nyeupe tupu, kama chembe ya chumvi, ni mfu wa zamani. Amegeuka chokaa. Huyo hana dawa, maana hakuna kilichobaki cha kuua."

Luzmila alikuwa ameketi amekunja mikono, kidole bado kina kitambaa. "Wako wanne," akasema taratibu.

"Wanne tunaowaona."

Teodomiro akapata sauti yake. "Daktari, samahani sana, umekosea picha. Nyama yenye punje haijapata kuingia nyumbani kwangu. Uliza mnada mzima. Mimi ndiye ninayeikataa."

"Nakuamini. Lakini punje za kichwani hazitoki kwenye nyama." Daktari alisema hivyo kwa upole uliozidi kumuudhi. "Ukila nyama yenye punje isiyoiva, unapata tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Tegu huyo anataga mayai, mayai yanatoka chooni. Mtu mwenye tegu asiponawa vizuri, mayai yanabaki kwenye kucha, yanaingia kwenye chakula kibichi. Atakayeyala hayo ndiye anayepata punje mwilini, sawa na nguruwe. Luzmila hakulishwa nguruwe mbovu. Amelishwa mayai, na mara nyingi ni na mtu wa karibu."

"Mtu wa karibu," Teodomiro akarudia, kama aliyetukanwa.

"Nani anatayarisha chakula kibichi nyumbani? Saladi, jibini, uchu?"

Felícitas akamtazama mumewe. Uchu, pilipili mbichi iliyosagwa na majani ya huacatay, ilikuwa kazi ya Teodomiro. Kila Jumapili akirudi mnadani alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia na hakumruhusu mtu alisogelee. Kusema kweli uchu wake ulikuwa mzuri, hata jirani walituma bakuli.

"Tunapika sote," akasema Teodomiro.

Daktari akaweka vikopo vitatu vya plastiki mezani, kimoja kwa kila mzazi na kimoja kwa bibi anayekaa nao. "Nileteeni choo. Na mtu akiona vipande vyeupe bapa kama tambi, aniambie. Si aibu, ni ugonjwa."

Teodomiro alivitazama vile vikopo, kisha akatazama mlangoni, ambako nusu ya kijiji ilikuwa imekaa kwenye benchi ikisubiri zamu.

"Tuache vikopo," akasema. "Dawa ya kuwaua iko wapi?"

"Ipo kabatini pale."

"Basi mpe."

"Sitampa leo."

Hapo ndipo alipoinuka na kiti kikaanguka. Daktari hakushtuka. Alieleza, na alieleza vizuri, ila Teodomiro alikuwa anasikia neno moja tu, sitampa. Kwamba wale walio hai wakiuawa kwa mpigo, mwili utawashambulia wote pamoja na ubongo unaweza kuvimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Kwamba dawa ya kuzuia kifafa itaanza leo leo. Kwamba dawa ya kuua lazima itanguliwe na dawa ya kutuliza uvimbe, na hiyo nayo inapunguza nguvu ya mwili, kwa hiyo kwanza wahakikishe hana kifua kikuu wala minyoo mingine iliyojificha. Na mwisho, macho.

"Macho yana nini tena?" akafoka Teodomiro.

"Mayai yaliyofika kichwani yanaweza kufika jichoni. Mnyoo akiuawa ndani ya jicho, uvimbe unaua jicho. Mimi sina kifaa cha kuona ndani. Daktari wa macho yuko mjini, nimewaombea nafasi baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu! Na akianguka kwenye jiko?"

"Asipike. Asikae peke yake kwenye moto. Ameze vidonge asubuhi na jioni, asiruke hata kimoja. Don Teo, najua inakera."

"Hujui," akasema, akatoka.

Vikopo viwili vilipelekwa, cha Felícitas na cha bibi, na vyote vilirudi safi. Cha tatu kilikaa juu ya kabati, nyuma ya picha ya mtakatifu. Felícitas akimkumbusha mumewe, alijibu kwamba yeye si mtu wa kubeba mavi yake kupita katikati ya kijiji huku watu aliowakatalia nguruwe wanamtazama. Kesho yake wangesema nini mnadani? Kwamba mkagua ndimi mwenyewe ana tegu? Alimwaga maneno mengi sana juu ya kikopo kidogo namna ile.

Wiki tatu zikafika, na siku moja kabla ya safari simu ikalia: madaktari wako kwenye mgomo, nafasi imesogezwa wiki mbili. Teodomiro aliisikiliza simu hadi mwisho, akaiweka mezani kwa utaratibu wa kutisha, akavaa kofia na kwenda duka la dawa za mifugo.

Muuzaji, kijana mmoja mcheshi aitwaye Wilder, alimjua vizuri. "Kondoo wangapi safari hii, don Teo?"

"Mmoja."

"Mmoja? Ana kilo ngapi?"

"Hamsini na mbili."

Wilder akacheka. "Huyo kondoo au ndama?" Kisha akautazama uso wa mzee, kicheko kikakatika. Kijiji ni kidogo. "Don Teo, ndani ni albendazole, ile ile wanayopewa watu, sikatai. Lakini hii ni ya wanyama, na mimi siyo—"

"Nimekuuliza?"

Akaondoka na chupa ndani ya poncho, blanketi lake la kujitanda.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya kilima, Luzmila akaanguka tena. Safari hii kifafa hakikudumu, mkono tu na nusu ya uso, na fahamu hazikumtoka kabisa. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi yake. Lakini Teodomiro hakuona kupungua kokote, alimwona binti yake ameegemea ukuta akiushika mkono wake mwenyewe kama mtu anayemzuia mbwa. Alipotulia, Teodomiro akatoa chupa na kijiko.

"Kunywa hii."

Luzmila akaisoma lebo. Ilikuwa na picha ya kondoo. "Baba, we unanichekesha."

"Sikuchekeshi. Wametuzungusha miezi minne. Dawa ni hii hii, mwulize Wilder. Wamekaa nayo kabatini kama mapambo."

"Baba Luzmila, daktari alisema macho kwanza," Felícitas akasema kutoka jikoni.

"Alisema, alisema. Kila mtu anasema. Macho yake yana nini? Anatunga uzi kwenye sindano bila taa." Akajaza kijiko. Maziwa meupe ya dawa yakatetemeka ukingoni. "Macho yako yana nini, mwanangu? Mwambie mama yako."

Luzmila alikitazama kijiko. Alikuwa na hamu ya dawa kuliko hata baba yake. Sketi saba za watu zilikuwa zimelala kwenye kapu na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka tangu siku ya sindano. Mdomo alikuwa tayari ameufungua. Kisha akaufunga.

"Kuna uzi," akasema.

"Uzi gani?"

"Jicho la kushoto. Kuna kitu kinapita, kama uzi au kivuli. Nilidhani vumbi la kitambaa. Nikipepesa hakiondoki."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kanivali. Sikusema, mngenizuia kutarizi."

Teodomiro alisimama na kijiko mkononi. Hasira ilimjaa na hakujua aimwagie nani: daktari, mgomo, Wilder, mtoto mwenyewe aliyeficha. Akasema ni vumbi. Akasema tena ni vumbi. Mwishowe akairudisha dawa ndani ya chupa, nusu ikamwagikia vidole, akafunga kizibo.

"Wiki mbili," akasema. "Na huyo wa macho akiniambia tusubiri hata siku moja, nitakupa dawa hii pale pale mlangoni pa hospitali, waje wanifunge."

Akaiweka chupa ndani ya poncho, na kwa wiki mbili haikutoka humo.

Hospitalini walifika saa kumi na mbili asubuhi na waliitwa saa nane mchana. Walitiwa foleni ya kwanza, wakaambiwa siyo, wakahamishiwa ya pili, ambayo nayo ilihitaji karatasi kutoka ya kwanza. Teodomiro aligombana na mlinzi, na karani, na mzee mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote. Luzmila alitiwa matone ya kupanua mboni akakaa amefumba macho, maana mwanga ulimchoma.

Daktari wa macho, Salvatierra, alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno. Alimkalisha Luzmila kidevu juu ya kifaa, akatazama jicho la kulia, akaandika. Akatazama la kushoto. Hakuandika. Alitazama kwa muda ambao Felícitas alianza kuuhesabu kwa rozari yake.

"Mnataka kuona?" akauliza, akageuza skrini.

Teodomiro akasogea. Skrini ilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, yenye mishipa kama mizizi. Na katikati, kikielea, kulikuwa na kipovu chenye kuta nyororo, kinachopitisha mwanga, na ndani yake chembe nyeupe.

Hakuhitaji kuelezwa. Angeijua chembe ile kwa kidole akiwa usingizini. Tofauti ni kwamba za ndimi zimebanwa ndani ya nyama na hazitikisiki. Hii daktari alipoongeza mwanga ilijikunja, ikarudi ndani ya kipovu, kisha taratibu ikachomoza tena.

"Ana," akasema Teodomiro. Lilimtoka lenyewe.

"Yuko hai," daktari akakubali. "Na bahati nzuri yuko hai. Atatolewa mzima mzima kwa upasuaji, Lima. Jicho lina nafasi nzuri. Dawa za kichwani zitafuata baada ya hapo, na za kutuliza uvimbe zikitangulia. Hajapewa dawa yoyote ya minyoo, sivyo?"

Felícitas akazibana shanga za rozari.

"Nauliza kwa sababu wapo wanaokuja wameshapewa. Mdudu anakufa humo ndani, jicho linawaka, na mimi nabaki kutoa jicho."

"Hajapewa," akasema Luzmila, macho yamefumba. "Baba alikataa kunipa."

Alimsitiri baba yake kwa uwongo mdogo ule, na uwongo huo ulimkata Teodomiro kuliko kama angemsema mbele za watu. Mkono wake ulikuwa ndani ya poncho, juu ya chupa. Alifikiria kijiko. Alifikiria mdomo uliokuwa tayari umefunguliwa. Kama mtoto angekuwa na haraka kidogo zaidi, kama yeye angekuwa na haraka kidogo zaidi, na haraka walikuwa nayo wote wawili.

"Baba, kinafananaje?" Luzmila akauliza. "Kile kama uzi."

"Unaijua," akasema. "Nilikuonyesha ulipokuwa mdogo. Kwenye ulimi."

Daktari Salvatierra alikuwa anajaza fomu. Aliuliza maswali bila kuinua kichwa, kama anayesoma orodha: kijiji, umri, kifafa tangu lini, picha ya kichwa ipo. "Nyumbani yuko mtu mwenye tegu? Anayetoa vipande vyeupe?"

"Tulipimwa," akasema Felícitas. "Mimi na mama mkwe. Wote safi."

"Na bwana?"

Felícitas akafungua mdomo kumtetea kama alivyozoea, kwamba ana shughuli nyingi, kwamba atapeleka wiki ijayo. Teodomiro akamtangulia.

"Mimi ninavyo," akasema.

Kalamu ikasimama.

"Vipande. Kama tambi, kama alivyosema yule daktari wa kwetu. Vinatoka, vinajongea." Alisema akiitazama skrini, si watu. "Nilikunywa mbegu za maboga na chai ya majani ya paico, vikakoma mwezi mzima, vikarudi. Nikasema ni ganda la mahindi. Nilijua si ganda la mahindi."

"Tangu lini?"

"Luzmila alipomaliza shule."

"Miaka minne," akasema Felícitas. Alisema kwa sauti ndogo sana.

"Lakini nguruwe wote nawakagua," Teodomiro akamgeukia daktari, na sasa alikuwa karibu kuomba. "Wote. Kidole changu hakikosei."

"Kidole kinamkuta nguruwe aliyejaa," daktari akajibu. "Mwenye punje tano mwili mzima, ulimi hauna kitu. Unampitisha, anakaangwa nje, ndani anabaki mbichi." Akaandika tena. "Wewe utapewa dawa isiyotoka nje ya utumbo. Ile nyingine inafika mpaka kichwani, na hatujui nawe umebeba nini. Umewahi kuanguka? Kichwa kinakuuma?"

"Hakiumi," akasema Teodomiro. Lingekuwa jambo la haki kama kingeuma.

Alitoa chupa ya kondoo, akaiweka mezani kando ya fomu. Daktari akaitazama ile picha ya kondoo, akamtazama yeye, akaisogeza pembeni. Felícitas alianza kulia kimyakimya, na haikujulikana analia kwa ajili ya jicho, au ya chupa, au ya bakuli zote zilizowahi kupita mezani kwake.

Teodomiro alitazama mikono yake. Ilikuwa safi. Siku zote alikuwa mtu wa kunawa akitoka kwa nguruwe, kwa sabuni, hadi kwenye kiwiko. Akitoka chooni alijipangusa kwenye suruali tu, maana huko hakukuwa na uchafu wa mtu mwingine.

Luzmila akapapasa hewani na kulikuta bega la baba yake, kwa sababu alikuwa bado haoni vizuri kwa yale matone. Akaliegemea kusimama.

"Twende, baba," akasema. "Jumapili uchu atasaga mama."

Wakatoka, yeye katikati, wazazi huku na huku. Kwenye korido Teodomiro alimsimamisha muuguzi wa kwanza aliyepita na kumwomba kikopo. Muuguzi akamwuliza cha nani, na foleni yote ikageuka kumtazama.

"Changu," akasema.